Kionjo na Mzigo



Ukishuka basi Manyoni ukamkuta mama anauza asali, huna haja ya kumbembeleza akuonjeshe. Anafungua chupa, anachovya kijiti, anakudondoshea tone kiganjani, unalamba. Hapo hapo unajua kama ni nzito, kama imeshika moshi wa kurinia, kama ni tamu ya kukukaa kooni. Sasa mwambie, "Mama, nipe chupa nzima niende nayo nyumbani, nikiipenda nitarudi kuilipia." Atakutazama, kisha atafunga kifuniko chake taratibu. Hatakutukana wala hatakununia. Tone limeshamaliza kazi yake, na lililobaki ni la kununua.

Jioni hii nataka kuzungumza na watu ambao bidhaa yao haina chupa wala kifuniko, kwa hiyo hawajui waifunge wapi. Nitasema kwa kazi ninayoifanya mwenyewe hapa Singida mjini, kazi ya unukuzi. Mnukuzi ni mtu anayepewa sauti iliyorekodiwa, akavaa visikilizio masikioni, akayaandika maneno yote kama yalivyosemwa. Kwetu huku kazi hiyo ipo, maana watafiti wanakuja. Mmoja anauliza habari za alizeti Ikungi, mwingine maji Mkalama, mwingine kliniki za wajawazito Iramba, mwingine mizinga ya Itigi. Wazee wetu wanawajibu kwa Kinyaturu, kwa Kinyiramba, na mara nyingi kwa Kiswahili kilichochanganywa na vyote viwili. Mtafiti anarudi Dodoma au Dar es Salaam na simu iliyojaa sauti asizozielewa. Ndipo anatafuta mtu wa huku.

Siku moja nilipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa dada mmoja. Alijitambulisha vizuri, akasema ana mahojiano 12 ya wakulima wa alizeti, yote kwa Kinyaturu, anataka yaandikwe na kutafsiriwa kwa Kiswahili. Kisha akaandika hivi: "Nakutumia moja ulifanye kama kazi ya majaribio. Ukifaulu nitakupa yote. Jaribio halina malipo." Chini yake akaambatanisha faili la sauti la dakika 42. Jina la faili lilikuwa na namba mwishoni, 04.

Nilifurahi. Kazi ya mahojiano 12 haikutokei kila wiki. Nilikwisha kuweka simu kwenye chaji, daftari mezani, niko tayari kuanza. Kilichoniokoa ni umeme. Ulikatika, nikatoka kwenda kwenye duka la steshenari ambako tunapenda kukutana sisi wa kazi hizi, maana pale wana betri ya akiba. Nikamkuta mwenzangu amevaa visikilizio, anaandika. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema kuna dada amemtumia jaribio la wakulima wa alizeti. Nikamwomba nione faili lake. Lake lilikuwa 07. Tukampigia simu kijana mwingine tunayefahamiana naye, yeye alikuwa na 09.

Msikilizaji, hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Jaribio la kweli ni kama mtihani wa darasani: wote mnapewa swali moja, ili majibu yalinganishwe. Ukimpa huyu sauti ya nne, yule ya saba, na mwingine ya tisa, utalinganisha nini? Huwezi kumpima yeyote kwa mwenzake. Unachoweza kufanya ni kukusanya. Watu 12 wakipewa sauti 12 tofauti, kila mmoja akafanya moja bila malipo, kazi yote imekwisha na hakuna aliyeajiriwa. Sisi watatu hatukuwa na ushahidi wa faili zote 12, na sitamzulia mtu. Lakini tatu tulizoziona kwa macho yetu zilikuwa tatu tofauti.

Hebu tuhesabu dakika hizo 42 zina ukubwa gani, maana anayezituma mara nyingi hajui, au anajua na anatumaini wewe hujui. Saa moja ya sauti safi ya Kiswahili, mtu mmoja anauliza na mmoja anajibu, humchukua mnukuzi mzoefu saa 4 hadi 6 kuiandika. Unasikiliza sekunde chache, unasimamisha, unaandika, unarudisha nyuma, unasikiliza tena. Sauti za huku zina jambo jingine zaidi: upepo. Mahojiano yamefanyika chini ya mti, upepo wa Singida unavuma kwenye kinasa, na jibu lote la mzee linakuwa muungurumo wenye maneno mawili katikati. Ongeza tafsiri kutoka Kinyaturu, muda unakuwa mara mbili. Kwa kasi yangu, kila dakika ya sauti ya namna hiyo ni dakika 10 za kazi. Kwa hiyo dakika 42 ni dakika 420, yaani saa 7. Ni siku nzima ya kazi. Bei yangu wakati ule ilikuwa shilingi 1,200 kwa dakika ya sauti, pamoja na tafsiri. Jaribio alilolitaka lilikuwa la shilingi 50,400.

Sasa nije kwenye haki ya yule dada, maana anayo. Yuko mbali, hanijui, na anaogopa kutuma pesa kwa mtu ambaye hajaona hata sentensi yake moja. Na hofu hiyo ina sababu. Nimewahi kuletewa kazi ya mtu mwingine niirekebishe. Mkulima kwenye sauti anaeleza kwamba akishakamua alizeti anauza mafuta na kubaki na mashudu ya ng'ombe. Mwandishi akaandika anabaki na "mashuka". Kwenye mahojiano mengine, ya vitunguu, mkulima analalamika juu ya lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu likazidi kipimo, na mkulima akalipwa kama gunia moja. Mwandishi, ambaye bila shaka hakuwahi kusimama sokoni kwenye vitunguu, akaacha nafasi tupu akaandika "haisikiki". Ilisikika vizuri kabisa. Yeye ndiye hakulijua neno. Na lumbesa ndiyo ilikuwa hoja yote ya yule mkulima. Mtafiti aliyepata hasara ya namna hiyo mara moja, akija mara ya pili kuomba kionjo, msimwite mwizi.

Kwa hiyo mimi sikatai kionjo. Ninachokiangalia ni ukubwa wake, na nani anachagua ukubwa huo. Wenzetu wa tafsiri za maandishi wana desturi ya siku nyingi: jaribio la bure ni maneno 200 hadi 300 hivi, chini ya ukurasa mmoja. Huwezi kujenga ripoti kwa ukurasa mmoja, lakini unatosha kujua kama mtu anaweza. Kwenye unukuzi nimejiwekea dakika 3. Kwangu ni nusu saa ya kazi, nikiipoteza nimepoteza nusu saa.

Ila usichukue dakika 3 za mwanzo. Huko mwanzoni kuna salamu, kuna mtafiti anasoma maelezo ya ridhaa, mzee anaitikia "ndiyo, nimekubali". Hata mwanafunzi wa darasa la tano ataliandika hilo, na mteja hatajua lolote juu yako. Nenda katikati, dakika ya 15 au ya 20, mahali mzee ameshachangamka na mkewe ameingilia kati. Andika nani anasema. Weka saa ya sauti kila baada ya dakika moja. Palipo na upepo usibuni, andika kama hivi: [haisikiki 16:42]. Mteja anayejua kazi akiiona alama hiyo moja atakuamini kuliko ukimwandikia kurasa 10 zisizo na doa, kwa sababu anajua sauti zake zina upepo.

Jibu nililompelekea yule dada nitawasomea, maana wengi mnaniuliza mseme nini. Niliandika hivi:

"Habari za mchana, dada. Asante kwa kunifikiria kwa kazi hii. Nimeisikiliza sauti uliyotuma, ni Kinyaturu cha upande wa Ikungi, naielewa vizuri. Nitakufanyia dakika 3 bila malipo, kuanzia dakika ya 15 hadi ya 18, utazipata leo saa 12 jioni. Ukipenda dakika nyingine tatu badala ya hizo, niambie. Kinachozidi hapo ni kazi ya kulipwa, shilingi 1,200 kwa dakika ya sauti. Ukiridhika na hizo tatu, napendekeza tuanze na sauti hii moja tu, shilingi 50,400, nusu kabla na nusu ukishapokea. Ukiona haifai tunaishia hapo, hudaiwi nyingine."

Tazama jinsi ujumbe huo ulivyokaa. Haujasema "hapana" mahali popote. Umeanza na kitu kinachoonyesha nimesikiliza kweli, kwa kutaja Kinyaturu cha upande gani. Umetoa kionjo chenye mipaka na saa ya kukipata. Umempa mteja haki ya kuchagua dakika zake, kwa hiyo hawezi kusema nimechagua palipo rahisi. Kisha umemfungulia mlango wa pili, jaribio la kulipwa, ambalo ni dogo kiasi kwamba akikosea hasara yake ni sauti moja tu.

Na kuna ile sentensi ya "kinachozidi hapo ni kazi ya kulipwa". Hiyo msiiache. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 70, inasema kwamba mtu akikufanyia jambo kwa njia halali, bila nia ya kulifanya bure, na wewe ukanufaika nalo, unawajibika kumfidia. Neno lenye uzito ni hilo la nia. Ukiandika kwenye simu yako "sawa, nitafanya bure", umejifungia mlango mwenyewe. Ukiandika mpaka wako uko wapi, na mteja akaendelea kukutumia sauti na kupokea maandishi, una la kuonyesha. Sisemi mtu akimbilie Mahakama ya Mwanzo kudai shilingi 50,400. Nauli na siku utakazopoteza zinaweza kuzidi deni. Lakini nimeona mteja aliyekuwa kimya kwa wiki mbili akalipa siku hiyo hiyo, baada ya kutumiwa picha ya ujumbe aliousoma na kuujibu yeye mwenyewe.

Yule dada alinijibu baada ya saa moja hivi. "Wenzako wamekubali kufanya yote bila masharti." Wengi wetu tunaangukia hapo. Ukisikia kwamba wenzako wamekubali, moyo unashtuka, unaona mkate unaondoka. Nikamwandikia, "Sawa dada, nakutakia kazi njema. Zile dakika 3 bado nitakutumia saa 12 kama nilivyoahidi." Nikazituma kwa wakati. Hakujibu tena. Mwenzangu wa steshenari alikuwa ameshafika mbali, akaona amalizie faili lake 07 lote, akalituma, akaambiwa, "Asante, tutawasiliana." Na yule kijana wa 09 vivyo hivyo. Mpaka leo hakuna kati yao aliyepigiwa simu. Mimi nilipoteza nusu saa, wao kila mmoja alipoteza siku.

Kuna jambo jingine katika kisa hiki ambalo lilinijia usiku ule nikiwa nimelala, na naliona zito kuliko pesa. Ile sauti niliyotumiwa ilikuwa ya mzee halisi. Alitaja jina lake, kijiji chake, ana ekari ngapi, anadaiwa na nani, na amegombana na ndugu yake kwa shamba lipi. Alisema hayo kwa sababu mtafiti alimwahidi siri. Kisha sauti hiyo ikatumwa kwenye simu za watu ambao hawajaajiriwa, hawajasaini chochote, na hawatafuatiliwa kama wameifuta. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sauti yenye jina na habari za mtu ni taarifa zake binafsi. Siku hizi, kabla sijafungua sauti ya mtu yeyote, namuuliza mteja, "Je, wahusika wameridhia sauti zao zisikilizwe na mtu wa nje, na mimi nisaini wapi ahadi ya kutunza siri?" Mtafiti makini hulifurahia swali hilo, kwa sababu kamati ya maadili ya utafiti iliyompitishia kazi yake ilimuuliza hilo hilo. Asiye makini hupotea. Ni swali la adabu, na linachuja watu kuliko maswali ya pesa.

Na wewe ambaye huna kazi ya zamani ya kuonyesha, usije ukachukua maandishi ya mteja wa jana ukamwonyesha wa leo. Hilo nalo ni kutoa siri ya mzee wa watu. Tengeneza kionjo chako mwenyewe. Mwombe bibi au shangazi yako akueleze kwa Kinyaturu jinsi anavyokausha mlenda, mrekodi dakika 3 kwa ruhusa yake, nje, penye upepo na kuku wanapita. Andika, tafsiri, hifadhi sauti na maandishi pamoja kwenye simu. Mteja akiomba kuona, unamtumia vyote viwili ndani ya dakika moja. Mwenzangu mmoja alifanya hivyo, na nusu ya wanaomwomba jaribio huishia hapo, hawaombi tena.

Nisiwaache mkadhani kila mteja ni kama yule wa faili 04. Miezi michache baadaye alinipata mwanafunzi wa shahada ya uzamili, anasoma habari za ufugaji wa nyuki. Naye aliomba jaribio la bure la sauti nzima. Nikampelekea ujumbe ule ule, nikibadili namba tu. Akasema, "Kaka, sikujua inachukua muda wote huo." Kumbe kweli hakujua. Akapokea dakika 3, akalipa nusu, nikafanya sauti ya kwanza ya dakika 45. Na humo ndani tukagundua jambo ambalo dakika 3 hazikutuonyesha: kilikuwa kikundi cha warina asali sita wanaongea kwa pamoja, wanakatizana, wanacheka. Kasi yangu ya dakika 10 ilifika karibu 15. Nikamweleza na kumwonyesha mahali penyewe kwenye sauti. Tukakubaliana bei mpya kwa mazungumzo ya vikundi, na bei ya zamani kwa mahojiano ya mtu mmoja mmoja. Fikiria kama ningefanya sauti ile bure. Ningekuwa nimekwisha kumwambia kwa vitendo kwamba kazi hiyo ni nyepesi, na bei ningeipandisha kwa mdomo gani?

Kabla ya kuwaaga, kuna aliyeniuliza juma lililopita kuhusu mdogo wake anayetakiwa kufanya kazi dukani siku saba "za kujaribiwa" bila ujira. Hilo ni jambo tofauti, ni ajira. Muda wa majaribio kwenye ajira ni muda wa kazi, anayefungua duka asubuhi na kulifunga jioni ana mshahara wake wa siku hizo. Kionjo hapo ni kumwita kwa muda wa saa moja, kumwona anavyohesabu chenji na kuongea na wateja, basi.

Na kwa wateja mnaonisikiliza, watafiti, wenye mashirika, wenye biashara mnaotaka nembo au matangazo: mkimwomba mtu jaribio, mpeni kipande kidogo, wapeni wote kipande kile kile, na waambieni mapema lini mtawajibu. Asiyefaulu naye mwandikieni mstari mmoja. Ametumia nusu saa yake kwa ajili yenu.

Wewe uliye na ujumbe wa "fanya kwanza tuone" kwenye simu yako jioni hii, usiujibu bado. Sikiliza kwanza sauti ina dakika ngapi, zidishe kwa kasi yako, kisha ulizia kwa wenzako nao wametumiwa faili lipi.

Usiku mwema.